Nati ya Nne

Machi 1986 mimi na Mama tulitoka Mpepai kwa teksi kwenda Mbinga mjini, ili tupate gari la Mbamba Bay na kuiwahi meli. Ilikuwa Toyota Corolla kuukuu. Mvua ilikuwa haijakatika tangu alfajiri, na kwenye kona moja ya mteremko tairi la mbele kushoto likaisha upepo.

Dereva alilegeza nati tatu bila taabu. Ya nne ikagoma. Aliparamia mpini wa spana kwa miguu yote miwili, spana ikaruka, na pembe za nati zikaanza kuviringika. Hapo ndipo alipotokea kijana mmoja, fundi, na kiroba cha vifaa begani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nati hii imeoana na boliti.”

Kijana aliinama, akaitazama. “Zile tatu umezilegeza zote?”

“Zote.”

“Basi tuzikaze tena.”

“Mimi nataka kufungua, wewe unafunga!”

“Rimu yote imeegemea hii moja, mzee, ndiyo maana inabana. Wenzake wakishika, itapata nafasi.”

Alizikaza. Jeki alikataa isiguswe. Gurudumu likiwa juu lingezunguka pamoja na spana. Akasugua kutu kwa brashi ya waya, akapangusa maji, akadondoshea dizeli iliyochanganywa na oili. Mama aliambiwa akinge pale kwa mwavuli, maana maji ya mvua yangeyaosha mafuta kabla hayajapenya. Tukangoja. Dereva alikuwa na haraka, lakini nadhani kungoja kule ndiko kulikofanya nusu ya kazi.

Kisha akagonga ubavu wa nati kwa nyundo ndogo, pole pole, akiizunguka. Ncha ya boliti hakuigusa kabisa: ikivimba, alisema, nati haipiti tena. Spana ya dereva ilikuwa imelika mdomo, kwa hiyo akatoa boksi yake ya pembe sita, namba 21, akachomeka bomba refu kwenye mpini.

Sikuelewa alipoanza kwa kukaza. Alisukuma kidogo tu upande wa kufunga, kutu ikalia *krii*. Ndipo akageuza. Nati ilisogea robo mzunguko, akairudisha nyuma kidogo, akadondosha mafuta mengine, akaendelea. Kila ilipokuwa nzito alirudi nyuma badala ya kulazimisha. Ilitoka na unga mwekundu, meno ya boliti yakiwa mazima.

Tairi la akiba lilipowekwa, dereva akataka tena kupanda juu ya mpini.

“Usikanyage, mzee. Aliyezifunga mwanzo alikanyaga hivyo hivyo. Tumia mkono, na ufunge kwa kukingamiza, moja hapa, nyingine ng’ambo yake. Mbele ya safari usimame uzijaribu.”

Dereva alinung’unika, lakini kabla ya kuingia Mbinga alisimama kweli, akashuka na spana. Tatu zilikuwa ngumu. Ile ya nne ilikubali kidogo.