Kiinua mgongo changu cha Dubai

Nilipoacha kazi ya ulinzi Dubai, Oktoba 2024, ofisi ya kampuni ilinisogezea karatasi nitie sahihi. Kiinua mgongo: dirhamu 1,680. Kazi nilikuwa nimeianza Aprili 2018. Kule kambini Sonapur kila mtu alikuwa na hesabu yake, na Mganda aliyelala kitanda cha juu yangu alikuwa ameniapia kwamba mtu hulipwa mshahara wa mwezi mzima kwa kila mwaka. Kwa mshahara wangu wa dirhamu 2,000, hiyo ilikuwa 13,000. Mama huko Kilifi alikuwa ameshaongea na fundi wa paa.

Sikutia sahihi. Nilimwendea mzee mmoja wa Kerala aliyefanya kazi ya uhasibu kwenye jengo nililolinda. Hakutaka kuona hati ya mshahara, alitaka mkataba uliosajiliwa wizarani. Mle ndani mshahara wa msingi ulikuwa 1,200, na zile 800 nyingine zilikuwa posho ya nyumba na usafiri. Sheria ya kazi ya Emirati huhesabu kiinua mgongo kwa mshahara wa msingi wa mwisho peke yake, posho haziguswi. Wakala wetu Mombasa alikuwa akitaja 2,000 kwa sauti kubwa, na mstari ule wa msingi akiupita kama haupo. Anayesafiri leo aanze na mstari huo, maana wawili wenye mshahara sawa wanaweza kutoka na kiinua mgongo tofauti kabisa.

Mzee akachukua kalamu. 1,200 gawa kwa 30, siku moja ni dirhamu 40. Kwa kila mmoja wa miaka mitano ya kwanza unapewa siku 21, yaani 840 kwa mwaka, na mitano inaleta 4,200. Kuanzia mwaka wa sita unapewa siku 30 kwa mwaka, yaani 1,200. Kipande cha mwaka nacho hulipwa kwa kadiri yake, mradi umeshamaliza mwaka mmoja kazini.

Kisha akaniuliza swali nililokuwa nimelisahau: je, nimewahi kukaa nyumbani bila malipo? Ndiyo, nusu mwaka wa 2020, wakati wa korona. Siku hizo hazihesabiwi. Miaka sita na nusu ikawa sita kamili, na haki yangu ikasimama kwenye 5,400. Ndoto ya 13,000 ilikufa pale mezani, lakini 1,680 nayo haikuwa na mguu wa kusimamia.

Ilitoka wapi? Ni 840 mara mbili. Sheria mpya, iliyoanza kutumika tarehe 2 Februari 2022, iliondoa mikataba isiyo na kikomo, na Oktoba mwaka huo kampuni ikatupa mikataba mipya ya muda maalumu. Karani wa ofisi alihesabu kuanzia hapo, kana kwamba miaka ya nyuma nilimlindia mtu mwingine. Sheria yenyewe inasema mkataba ukifanywa upya, muda wake unaunganishwa na ule uliotangulia. Wala kuacha kazi mwenyewe kwa notisi hakupunguzi kitu siku hizi, ingawa chini ya sheria ya zamani kuliweza kupunguza.

Ofisini wakaniambia bila sahihi viza haifutwi. Hapo ndipo palipokuwa na mtego, kwa sababu fomu ya kufuta viza ilikuwa na mstari unaosema nimepokea haki zangu zote. Siku 14 ambazo sheria inampa mwajiri kulipa zikapita. Sikuwa na mshahara, nikala kwa mkopo wa wenzangu, na simu za nyumbani nikawa naziacha zilie.

Nilipeleka malalamiko wizara ya kazi. Tangu Januari 2024 wizara hiyo inaweza kuamua yenyewe dai lisilozidi dirhamu 50,000, bila kusubiri mahakama. Kilichonibeba ni picha ya mkataba wa 2018 niliyoiweka kwenye simu, pamoja na taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia mwaka hadi mwaka. Mwenzangu aliyeacha nakala zake zote ofisini alihangaika zaidi yangu kuthibitisha tarehe yake ya kuanza.

Zile 5,400 zilipoingia benki, ndipo nikatia sahihi. Akaunti sikuifunga mpaka nilipozituma nyumbani, na zilitosha mabati tu, misumari tukanunua baadaye.

Dada yangu anafanya kazi ya nyumbani Sharja na aliniomba nimpigie hesabu kama yangu. Sikuweza. Wafanyakazi wa nyumbani wana sheria yao ya 2022, na hii yangu haiwahusu, kwa hiyo tulianza kwa kuusoma mkataba wake mstari kwa mstari kwenye simu.