Sehemu ya 4: Barua pepe ya makabidhiano kabla ya likizo ya uzazi

Wengi mmeniuliza inbox namna ya kuandika makabidhiano unapoondoka siku 84 (mapacha ni 100). Yangu nimeituma jana kwa dada anayenishikia kliniki ya mama na mtoto, nakala kwa in-chaji.

Kazi za kila siku nimeziandika kwa mistari michache tu, maana yeye ni nesi, anazijua. Friji la chanjo joto 2 hadi 8, linasomwa asubuhi na jioni, hata Jumapili. Namba za simu nazo ni chache: maabara, famasi, mtu wa chanjo wilaya, na mhudumu wa jamii wa kila kijiji cha huko milimani.

Nguvu zote weka kwenye viporo. Mfano, ningeweza kuandika "majibu ya DBS ya mtoto mmoja bado." Hapo ukimaliza kusoma unajua nini? Hujui umtafute nani wala lini. Mimi niliandika hivi (namba nimebadilisha):

"Mtoto HEID 000. Wiki 6, damu ya karatasi imechukuliwa tarehe 3, imeshatumwa. Septrini ameanza. Mama anatoka juu Uluguru, simu ni ya mume na mume hajaambiwa. USITAJE kipimo kwenye simu, sema tu mtoto aje kliniki. Majibu yasipofika hadi tarehe 24, piga maabara uulize kama sampuli ilipokelewa au ilikataliwa. Ikikataliwa, mwite tuchukue nyingine. Simu isipopatikana siku mbili, mtume mhudumu wa jamii. Yeye mama anamfahamu na alikubali afuatwe."

Ona, jina la mtu halipo. Jina liko kwenye rejista, kabati limefungwa, ufunguo kwa in-chaji. Barua pepe inaweza kufowadiwa popote.

Hiyo tarehe 24 ndiyo roho ya maelezo yote. Sampuli ikikataliwa, mara nyingi kwa sababu tone ni dogo au karatasi haikukauka, kimya chake kinafanana kabisa na kimya cha kusubiri. Mtoto mwenye VVU asipoanza dawa mapema, miezi ya mwanzo ndiyo ya hatari zaidi. Majibu yakiwa chanya, anaanza dawa siku hiyo hiyo huku sampuli ya pili ikichukuliwa kuthibitisha. Yakiwa hasi bado hajamaliza, ananyonya, kwa hiyo kuna kipimo kingine miezi 9.

Halafu masika hii! Mvua ikikolea bodaboda hazishuki, na mama atasubiri njia ikauke. Ndiyo maana nimempa mwenzangu siku mbili tu za kupiga simu.

Kabla ya kutuma, tulikaa naye nusu saa na rejista mezani, akanisomea kila kiporo kwa maneno yake. Alipokwama, nikaandika upya.

Sehemu ya 5 tutaongelea kurudi kazini huku unanyonyesha. Usiku mwema.