Video Imekataa Kufunguka? Soma Hii Kabla Uifute

Wasee wengi wakiona video imekataa kufunguka wanafanya kitu kimoja: wanaifuta, halafu wanaanza kutafuta maneno ya kumwambia mteja. Wengine wanabadilisha jina la faili kutoka mp4 hadi mov wakitumaini miujiza. Hiyo haisaidii kitu. Jina ni lebo tu, kilichomo ndani kinabaki vilevile.

Wacha nieleze kwa kutumia kesi ya rafiki yangu, kwa sababu ndiyo iliyonifunza mengi. Alikuwa amekodisha kamera mjini akaenda kushuti ruracio. Babu ya bibi harusi akasimama kuongea, na huyo mzee akiongea anaongea kweli. Alipofika karibu dakika ya 21, betri ikaisha. Kamera ikazima tu papo hapo. Jioni kwa laptopu klipu zingine zote zikacheza, lakini ile ya babu ikakataa. Familia ilikuwa imebakisha shilingi 15,000 za kumlipa, na klipu waliyoiulizia kwanza ilikuwa hiyohiyo. Huwezi kumrudisha mzee umwambie arudie baraka.

Kitu cha kwanza nilimuuliza ni saizi ya faili. Akaniambia ni kama GB 9.4. Hapo nikapumua. Kamera ilikuwa imewekwa 4K kwa megabiti 60 kwa sekunde. Gawanya kwa 8 unapata MB 7.5 kila sekunde, yaani MB 450 kwa dakika. Dakika 21 zinakuja karibu GB 9.4. Maana yake picha za babu zilikuwa ndani, karibu zote. Faili ingesoma 0, ama KB chache, hiyo ingekuwa hadithi nyingine kabisa, kwa sababu programu ya kurekebisha haiwezi kutengeneza kitu ambacho hakikuandikwa.

Sasa, kama picha ziko, mbona haifunguki?

Faili ya mp4 ina sehemu mbili kubwa. Kuna `mdat`, ambayo ndiyo mzigo wenyewe: picha na sauti zimepangwa moja nyuma ya nyingine. Halafu kuna `moov`, ambayo ni kama daftari la stoo. Inasema kila fremu inaanzia wapi, ina urefu gani, picha ni ya ukubwa gani, imebanwa kwa kodeki gani, sauti iko wapi. Kamera nyingi na simu huandika hilo daftari mwishoni, ukishabonyeza kitufe cha kusimamisha. Betri ikiisha kabla ya hapo, stoo imejaa lakini daftari halijaandikwa. Programu ya kucheza video inafika mlangoni, haioni daftari, inageuka na kwenda.

Unaweza kuhakikisha kama hilo ndilo tatizo lako. Ukiwa na ffmpeg kwa kompyuta, andika:

```
ffprobe mbovu.mp4
```

Ikikujibu `moov atom not found`, umepata ugonjwa wenyewe. Ikileta malalamiko mengine, usifuate hii dawa ninayotoa hapa, shida yako ni tofauti.

Kabla ya dawa, mambo mawili. Usirekodi kitu kingine chochote kwa hiyo kadi, na kompyuta ikikuuliza kama ufomati, kataa. Nakili faili kwa kompyuta kwanza, ufanye kazi na nakala. Pia kama kamera bado iko na wewe, weka betri iliyojaa na urudishe kadi ileile ndani. Kamera zingine hugundua zenyewe kwamba rekodi haikumaliziwa na kukuuliza kama zijaribu kuirekebisha. Ikikubali, umeokoa masaa. Rafiki yangu alikuwa amesharudisha kamera dukani, kwa hivyo hiyo njia ilikuwa imefungwa.

Dawa inaitwa untrunc. Ni programu ya bure. Inafanya kazi kwa ujanja mmoja rahisi: unaipa faili mbili, moja mbovu na moja nzima iliyotoka kwa kamera hiyohiyo. Inasoma daftari la ile nzima ili ijue kamera hii hupanga vitu vipi, halafu inatembea ndani ya `mdat` ya ile mbovu ikitambua kipande kwa kipande, hii ni picha, hii ni sauti, na kuandika daftari jipya.

```
untrunc nzima.mp4 mbovu.mp4
```

Itakutengenezea faili ya tatu yenye neno `fixed` ndani ya jina. Ile mbovu haiguswi.

Jamaa alikuwa ameshaijaribu kabla ya kunipigia. Alitumia klipu nyingine kutoka kadi ileile kama sampuli, akapata matope ya kijani kibichi na sauti ya kukwaruza. Nikamuuliza ile klipu aliishuti vipi. Kumbe ilikuwa ya kina mama wakicheza, na alikuwa ameweka 1080 kwa fremu 50 ili aipunguze mwendo baadaye. Ya babu ilikuwa 4K kwa fremu 25. Kamera ni moja, lakini daftari si moja. Ukubwa wa picha na maelezo ya namna zilivyobanwa hukaa kwa `moov`, kwa hivyo untrunc ilikuwa inasoma picha za babu kwa maelezo ya video nyingine.

Tukarudi pale dukani. Mwenye kamera alikuwa mpoa, akatupa kamera dakika kumi bila kuitisha kitu. Tukaweka 4K, fremu 25, megabiti 60, maiki ileile, tukashuti dakika mbili za barabara na matatu zikipita. Sampuli yako iwe na sauti, tafadhali, la sivyo programu haitajua sauti inafananaje.

Tukaendesha tena. Babu akatokea.

Sikumwambia asherehekee bado, kwa sababu faili kufunguka si sawa na faili kuwa nzima. Tukaipa jina `tayari.mp4` na kuipitisha hapa:

```
ffmpeg -v error -i tayari.mp4 -f null -
```

Hiyo inacheza video yote kimyakimya hadi mwisho bila kuhifadhi chochote, na inaandika kila mahali inapokwama. Yetu ililalamika karibu na mwisho. Tulipoangalia, kama sekunde mbili picha ilikuwa kijivu, uso wa babu ukivutika kama ugali haujaiva. Hiyo hutokea kwa sababu video haihifadhi kila picha nzima. Inahifadhi picha moja kamili, halafu zinazofuata zinasema tu nini kimesogea. Ukikosa ile kamili, ama mojawapo katikati, zingine zinachora juu ya kitu ambacho hakipo, mpaka picha kamili nyingine ifike. Hakuna programu itakayokurudishia hizo fremu. Sauti lakini ilikuwa safi, kwa hivyo akafunika zile sekunde mbili kwa klipu ya vibuyu mezani. Familia haikuuliza.

Kwa simu, tarajia shida moja zaidi. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kulingana na mwanga, na hizo nyakati huandikwa kwa daftari lililopotea. Ukirekebisha, midomo na sauti zinaweza kuachana polepole kadiri video inavyoendelea. Unaikata vipande na kusogeza sauti kwa mkono. Inachosha, lakini inafanyika.

Na wewe unayerekodi skrini ukicheza gemu na OBS, nenda kwa mipangilio uchague mkv. Hiyo haingoji mwisho ndio isomeke, stima ikipotea unabaki na kila kitu hadi karibu na ile sekunde. Ukimaliza, OBS yenyewe ina `Remux Recordings`, inaigeuza iwe mp4 kwa muda mfupi tu.