Jenereta la Staa, Pesa ya Kikoba na Picha Moja ya Insta

Haya wadau, leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Au ninao kidogo tu, maana muuzaji kwenye hii stori ni dada mmoja wa muvi mnamjua vizuri, na jina lake nabaki nalo moyoni. Ilikuwa mwishoni mwa 2023, mgao umekolea, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere bado haujawashwa (uliwashwa Februari 2024). Mtaani kwetu Kawe Ukwamani umeme ulikuwa unakatika mteja akiwa kichwa kizima kina rola. Dada yangu ana saluni pale, na alikuwa anarudisha wateja mpaka anatia huruma.

Siku hiyo ananipigia simu, sauti ya furaha. "Mdogo wangu, nimepata jenereta! La yule staa, anauza laki sita na nusu, 3500 hiyo. Draya zangu zote mbili, friji, kila kitu kinawaka. Natuma advansi sasa hivi." Pesa yenyewe ya kikoba, na anatakiwa kuirudisha na riba. Nikamwambia dada, subiri, nitumie kwanza skrinshoti.

Mimi shule niliishia fomfoo, ila baada ya hapo nilikaa karibu mwaka nashikia tochi fundi mmoja wa majenereta Mwenge. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kwamba ile namba kubwa iliyochorwa ubavuni ni jina tu, kama "Pro Max" kwenye simu. Mara nyingine inamaanisha nguvu ya sekunde chache, mara nyingine haimaanishi chochote. Vile vidogo vya kubeba kwa mkono mmoja, vya kuchanganya oili na petroli, vingi vimeandikwa 950 lakini vinatoa wati 650 hivi. Wanigeria wakakipa jina kabisa, "nimempita jirani yangu", maana taa na tivii vikiwaka tu, umeshamzidi jirani.

Basi nikazumu. Mashine imewekwa pembeni ya kiti cha plastiki, na urefu wake haufiki pale pa kukalia. Haina magurudumu, haina betri, haina tundu la ufunguo, inawashwa kwa kamba. Hapo nikaanza kuguna. Jenereta la kilowati tano na kuendelea ni zito, mtu mmoja halibebi, kwa hiyo mengi yanakuja na magurudumu na ufunguo wa kuwashia. Lakini umbo peke yake halitoshi, kuna watu wanafunga magurudumu kwenye mashine ndogo ili ionekane ya kibabe.

Nikashuka kwenye injini. Juu ya kifuniko cha kamba kulikuwa na stika, nusu imechubuka, inasomeka 6.5HP na 196cc. Hiyo namba ya cc ndiyo naiamini kuliko zote, maana ni ukubwa wa silinda yenyewe. Mafundi wana kipimo chao cha haraka: injini ya 196cc ni jenereta la kilowati mbili mpaka mbili na nusu. Ukitaka tano, tafuta iliyoandikwa karibu 390cc.

Mjanja mmoja ataniambia hospawa moja ni wati 746, kwa hiyo 6.5 ni zaidi ya wati 4,800, mbona nabania? Kwa sababu hiyo hospawa kiwandani inapimwa injini ikizunguka kasi sana. Umeme wetu ni wa hezi 50, na majenereta haya ili yatoe hezi 50 lazima injini izunguke mara 3,000 tu kwa dakika. Kasi ikishuka, nguvu nayo inashuka. Halafu kuna inayopotea kama joto pale injini inapogeuza kuwa umeme, na inabidi ibaki akiba ili injini isikohoe kila ukichomeka kitu.

Ushahidi wa mwisho ulikuwa kwenye paneli ya soketi. Kile kibreka cha kubonyeza, chini yake kumeandikwa 10A. Hesabu hapo ni ya darasa la saba, ampea mara volti: 10 mara 230 ni wati 2,300. Breka ya 10A inalinda mashine ya kama kilowati mbili. Ingekuwa kweli 3500, ungekuta breka ya ampea 15 au 16. Yaani silinda na breka, vitu viwili visivyojuana, vinasema kitu kimoja, na namba ya ubavuni inapinga peke yake.

Nikamwambia dada amuombe staa picha ya bati la nyuma, lile la chuma lenye maandishi madogo. Staa akajibu kwa voisi, "Mpenzi wangu, kama huniamini acha." Dada akanitazama kama nimemkosesha undugu na watu maarufu. Baada ya masaa mawili picha ikaja. Kwenye bati: RATED 2.0kW, MAX 2.2kW. Unayotakiwa kuishi nayo ni ile ya RATED. Ile ya MAX ni ya muda mfupi tu, ukiing'ang'ania mashine inachemka.

Tukakaa na kalamu. Draya la kukalia moja limeandikwa wati 1,000 nyuma yake. Feni 60, taa nne za kisasa jumla 40, tivii 60, mashine ya kunyolea 15. Inakuja 1,175, raha mustarehe. Ukiongeza draya la pili unafika 2,175, umeshapita. Draya la mkononi wati 1,800 linataka kuwaka karibu peke yake. Friji lake dogo la soda ndilo linadanganya: likishatulia linakula wati 150, lakini mota yake ikianza kuzunguka inavuta mara nne, mara tano ya hapo kwa nukta kidogo. Kwa hiyo friji linawashwa kwanza, likitulia ndipo draya. Na kwa kuwa linajizima na kujiwasha lenyewe, lazima uliachie nafasi yake muda wote.

Kitu ambacho picha haikuonyesha ni uzima wa mashine. Tukaomba video, jenereta limewashwa, limechomekwa pasi ya wati 1,000, kamera iangalie ule mshale wa volti. Pasi ilipoingia injini iliguna kidogo, mshale ukashuka ukarudi karibu na 220. Hiyo ni nzima. Mshale ungelala 180 na sauti ya injini ikapanda na kushuka kama mtu anayepiga miayo, ningesema tuachane nalo, huo ni ugonjwa wa injini au wa kile kifaa kinachoshikilia volti, na friji la watu lingeungua.

Dada hakutuma advansi. Alienda mwenyewe na bajaji, na ile picha ya bati kwenye simu, akatoa laki nne na themanini. Staa alinuna, ila pesa alihesabu. Jenereta linakaa nje nyuma ya saluni, kwenye hewa, maana moshi wake ndani ya chumba unaua mtu bila hata kunuka sana. Draya la pili likafunikwa kanga mpaka mgao ulipoisha, na mashine ikabaki na akiba ya kuchaji simu za wateja, mia tano tano.

Juzi kaniletea picha nyingine. Shoga yake wa Mbezi anauziwa "8500" ya laki saba. Nimezumu nikakuta breka ya 13A.