Nani alimleta mnunuzi?

Mama na dada zetu, pale ufukweni Baraka mtumbwi wa ndagala ukifika, komisyonere anayeleta mnunuzi kwa mwenye samaki anaonekana na watu wote. Amemshika mkono, amesimama naye, wamepatana bei. Jioni hakuna wa kuuliza fungu lake ni la nani. Sisi tulipoanza kuuza kwa mtandao tulifikiri itakuwa hivyo hivyo. Mwezi wa nane tulikaribia kugombana kwa dolari tano na senti arobaini.

Kikundi chetu kinashona sare za masomo, buluu na nyeupe. Wanaolipa, wengi wao ni ndugu walio mbali, waliotoka Fizi wakapita kambi ya Nyarugusu na sasa wako Amerika au Australia. Wanaingia kwenye ukurasa wetu, wanachagua kipimo, wanalipa kwa kadi, na sisi tunapeleka sare kwa mtoto hapa Baraka, au Mboko, au Fizi juu. Wanapataje habari? Kwa mama zetu, wanaotuma kiungo (vijana wanasema liyen) katika WhatsApp za familia. Tuliahidi kila mama asilimia 10 ya bei ya nguo atakayouza kwa njia hiyo. Usafiri hauhesabiwi, kwa kuwa pesa ile ni ya mwenye pikipiki.

Ili kujua nani alimleta nani, kila mama ana namba yake nyuma ya kiungo:

```
https://duka-letu.example/sare?ref=M07
```

Yanayofuata alama ya kuuliza ndiyo yanayofanya kazi yote. Mtu akibonyeza, duka linasoma M07 na kuacha kumbukumbu ndogo ndani ya simu yake, inayoitwa kuki. Kwetu inakaa siku 30. Siku atakayolipa, duka linaangalia ile kuki na kuandika M07 kwenye oda. Mtu akinakili kiungo na kukata mkia wake, duka litafunguka vizuri kabisa, lakini mama atakuwa amefanya kazi ya bure na hakuna atakayejua.

Sasa ugomvi wetu. Oda ilikuwa sare tatu za dolari 18, yaani 54, na usafiri 6, jumla 60. Fungu ni dolari 5.40. Duka lilimpa M12. Mama mwenye M07 akaja kwetu sisi walimu, ambao tunashika hesabu za kikundi, akasema mnunuzi ni mdogo wake wa tumbo moja, na alizungumza naye zaidi ya wiki moja, akampimia hata watoto. Tukafungua kitabu cha duka tukakuta hivi:

```
09-08  19:42  v=381  click  ref=M07
18-08  06:15  v=381  click  ref=M12
18-08  06:31  v=381  order  ref=M12
```

Ile v=381 ni alama ya simu moja. Kwa hiyo ni mtu yule yule: alifungua kiungo cha dada yake tarehe 9, na tarehe 18 asubuhi, alipotaka kulipa, hakukitafuta tena juu kwenye mazungumzo. Alibonyeza kile alichokiona karibu, ambacho M12 alikuwa amekitupia katika kundi la ukoo. Kuki mpya ikafuta ya zamani. M12 hakuiba kitu. Duka letu lilikuwa limewekwa hivyo na kijana aliyelitengeneza: wa mwisho ndiye anachukua yote. Sisi hatukuwahi kumwuliza.

Tulipouliza, tukaelewa kwamba ndiyo desturi ya maduka mengi ya dunia. Amazon, iliyoanza kuwalipa wanaoleta wateja mwaka 1996, kwa kawaida huhesabu saa 24 tu tangu mtu abonyeze, na akipita kwenye kiungo cha mwingine kabla ya kununua, fungu linahama. Desturi hiyo inaleta tamaa pia. Amerika kuna mtu, Shawn Hogan, aliyehukumiwa kifungo mwaka 2014 kwa sababu alikuwa anapandikiza kuki zake katika kompyuta za watu ambao hawakubonyeza chochote, ili eBay imlipe kwa wanunuzi ambao hakuwaleta.

Mama mmoja akasema basi tumlipe wa kwanza. Tulilifikiria, tukakataa. Wa kwanza akichukua yote, siku ya kwanza ya msimu kila mtu atatupa kiungo katika makundi yote anayoyajua, kama mtu anayepanda bendera shambani asilolilima, na anayekaa kumweleza ndugu vipimo na siku za kupeleka atakuwa amechelewa.

Tulichoamua ni hiki: viungo viwili vikionekana kwa mnunuzi mmoja ndani ya siku 30, fungu linagawanywa nusu kwa nusu. Dolari 2.70 kwa M07, 2.70 kwa M12. Si haki kamili, tunajua. Lakini ni kanuni iliyoandikwa kabla ya ugomvi ujao, na imebandikwa ukutani pale tunaposhonea.

Kugawanya hakuponyi kila kitu, kwa sababu kuki inaishi katika simu moja tu. Mtu akifungua kiungo kwenye simu halafu akalipia kwenye kompyuta ya kazini, duka linamwona kama mgeni asiyeletwa na yeyote. Wenye simu za iPhone wana jambo lingine: Safari inaweza kufuta kuki iliyowekwa na ukurasa wenyewe baada ya siku 7 kama mtu hajarudi, hata kama tuliandika 30. Kijana wetu amebadilisha, sasa kuki inawekwa na seva, na hiyo inadumu zaidi. Jinsi ya kutambua kasoro hii ni rahisi: tazama oda zisizo na jina la aliyeleta. Sisi hatutangazi popote nje ya familia, lakini karibu theluthi ya oda zilikuwa hazina mtu. Tungejiuliza mapema.

Kwa hiyo tumeongeza kisanduku kimoja mahali pa kulipia: «Nani alikutuma kwetu?» Mnunuzi anaandika neno la mama aliyemleta, na neno hilo linashinda kuki zote, kwani ni mnunuzi mwenyewe anasema.

Kuhusu siku ya kulipa, hapo tuliumia wenyewe. Tulikuwa tunalipa fungu siku ile ile oda inapoingia. Kisha sare mbili zikarudi kwa kubana mabega, tukarudisha pesa ya mnunuzi, tukabaki na aibu ya kumdai mama dolari 3.60 alizokwisha kununulia unga. Sasa tunangoja mtoto apokee nguo na siku 14 zipite. Mwisho wa mwezi tunasoma mbele ya wote: watu waliobonyeza, oda, zilizorudi, na fungu la kila mmoja, kisha anapokea mkononi na kutia sahihi katika kaye. Aliyenunua kwa kiungo chake mwenyewe hapati fungu.

Namba za M07 na M12 zimebaki ndani ya viungo, lakini kwa kile kisanduku kila mama alichagua neno. Wengi wanatuma sauti, hawaandiki, na neno linasemeka kwa sauti. Mwenye M07 alichagua NDAGALA. M12 alilitaka hilo hilo, akakuta limekwisha chukuliwa, akachukua MTUMBWI.