Karatasi Moja ya Muuguzi

Muuguzi wa zahanati ya kambi alirudi kutoka mafunzoni na kurasa sita juu ya mama atokwaye na damu nyingi baada ya kujifungua. Wenzake walihitaji ukurasa mmoja. Kwenye malengo aliandika, "Kufahamu hatari". Akafuta, maana kufahamu hakupimiki. Akaandika, "Ataweza kutoa asidi ya traneksamiki, gramu 1, mshipani, kwa dakika 10." Kwenye mambo makuu aliacha hatua za kutenda tu. Alipohakiki marejeo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2017 ulimwonyesha lililokosekana daftarini: dawa ianzishwe ndani ya saa 3 tangu kujifungua, zikipita, isianzishwe. Akaliandika juu kabisa, na mwaka wa mwongozo kando yake.