Kwetu Mtunda, VETA ni ya Waliofeli

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kwetu Mtunda kuna maswali mawili tu. Mtoto akipata divisheni wani mpaka thrii, wanauliza: "Anaenda kidato cha tano wapi?" Akipata foo au ziro, sauti inashuka: "Basi apelekwe VETA." Hakuna aliyesema VETA ni mbaya. Mpangilio wa maswali umeshasema.

Binamu yangu alipata foo. Baba yake, ambaye kwangu ni mjomba, ni mkulima wa korosho na hana uchoyo wa ada. Msimu ulipoanza na minada ikalipa, alitoa hela ya kurisiti. Mwaka uliofuata akatoa tena. Katikati ya hapo binamu alikuwa anashinda na fundi umeme Kibiti mjini, akijifunza kutandaza nyaya. Nyumba ya pili tu aliachiwa afanye peke yake.

Tatizo lilijitokeza kwenye karatasi. TANESCO haikuungii umeme kwa sababu taa zinawaka vizuri kwenye jaribio. Inataka kazi ya ndani iwe imefanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, na leseni hiyo inadai cheti cha ufundi. Kwa hiyo binamu anapanda darini, anakata mabomba, anafunga soketi na swichi. Akimaliza, mtu mwenye leseni ambaye hajakanyaga nyumba ile anagonga muhuri na kuchukua sehemu nzuri ya hela. Ukitaka kujua fundi wa mtaani amekwama wapi, usimuulize kama anajua kazi. Muulize muhuri ni wa nani.

Tangu REA walete nguzo vijijini na kuunganishwa kukawa shilingi 27,000, kazi hizo zipo. Kinachokosekana ni cheti, na njia ya kukipata inajulikana. VETA wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia kazini: anafanya kazi mbele ya wapimaji, mapungufu yanaonekana, anafundishwa yale tu asiyoyajua, kisha anapewa cheti. Anayetaka kukaa darasani naye ana ngazi tatu za kupanda. Akimaliza ya tatu anaweza kuomba astashahada ya ufundi, halafu stashahada, mpaka shahada. Ngazi ipo. Ila inaanzia chini zaidi ya mahali ambapo wazazi wetu wanaangalia.

Nilimweleza mjomba hayo yote. Alinisikiliza vizuri, kisha akanijibu kwa hesabu.

"Wewe mjomba wangu, tangu uende huko chuo umeniomba hela mara ngapi?"

Nikakaa kimya, maana jibu analijua. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 kwa ajili yetu sisi wa elimu ya juu. Bumu la chakula na malazi ni 10,000 kwa siku. Nitalipa baadaye, asilimia 15 ya mshahara, nikiupata huo mshahara. Mzazi wa kijijini haoni deni hilo. Anaona mtoto aliyeondoka nyumbani na hajarudi kuomba.

"Sasa huyu," akaendelea, "ada ya VETA naiweza. Lakini akimaliza atataka drili, mita, ngazi, koleo, na hela ya kuanzia. Atamwomba nani? Mimi."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba si kila mzazi anayeng'ang'ania chuo kikuu anatafuta sifa za kuitwa baba wa msomi. Sifa zipo, sikatai. Lakini shahada inakuja na mkopo, na ufundi unakuja na orodha ya vifaa. Ukimwambia mkulima achague, atachagua kile ambacho mtu mwingine anatanguliza hela.

Ila hesabu ya mjomba ilikuwa na shimo, nikamwonyesha kwa heshima. Hela ya kurisiti mara mbili, pamoja na tuisheni na nauli, imeshatoka mfukoni mwake na haijaleta hata bisibisi. Mkopo anaoutegemea haupo mpaka binamu apite kidato cha nne, halafu cha sita, halafu achaguliwe. Ni miaka mitatu au zaidi, na yote ni ya kwake yeye kulipia.

Hakunijibu siku hiyo. Siku mbili baadaye alimwuliza binamu mita inauzwaje.

Na sisi wa hapa kampasi tuna lugha yetu. Mtu akidisko, utani wa kwanza ni "nenda VETA ukachomelee mageti." Tunacheka. Likizo tunarudi nyumbani na lugha hiyohiyo, na wadogo zetu wanaotusikiliza ndio wale ambao baba zao bado wanapiga hesabu.